Mbwa Aliyezungushwa Mdomoni mwa Duara

Ukifika Nyahanga ukauliza duka la dawa za mifugo la yule mama mwenye pikipiki nyekundu, utaletwa mpaka mlangoni, na anayekuleta atakusimulia habari zangu njia nzima. Stashahada yangu nimeitundika ukutani, juu ya jokofu la chanjo, mahali ambapo kila anayeingia ataiona apende asipende. Sioni haya. Hakuna mjomba aliyenilipia, wala hakuna mheshimiwa aliyeniandikia barua. Nilijisomesha kwa mikono hii.

Nilianzia Dar es Salaam, kuosha mabanda ya mbwa wa kampuni moja ya ulinzi. Niliosoma nao shule ya msingi huku Kahama walicheka mpaka wakashika mbavu: binti wa Kisukuma, mtoto wa watu wenye ng'ombe, amekwenda mjini kuzoa kinyesi cha mbwa! Nikakizoa. Ila nilipokuwa nakizoa nilikuwa natazama, na macho yangu Mungu hakuyaumba kwa kupambia uso. Nilijua mbwa gani kala vizuri, yupi ana minyoo, yupi kachoka na yupi kakata tamaa. Mganga wa mifugo aliyekuwa akija pale alianza kuniuliza mimi kwanza kabla hajamshika mbwa. Ndipo nikasema, kumbe haya ninayoyajua yana chuo chake. Nikaomba, nikapata, nikasoma afya ya mifugo, nikafaulu vizuri, na nikarudi kwetu nikiwa na stashahada, pikipiki na akili timamu. Walionicheka sasa huniita dokta, na ng'ombe wao wakivimba tumbo hunipigia simu kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.

Lakini leo sisimulii ng'ombe. Ng'ombe Usukumani wana wa kuwasemea. Mbwa na paka hawana. Kwetu mbwa ni kengele yenye miguu: akibweka tunamsifu, akinyamaza tunamsahau. Ndiyo maana siku akifanya jambo tusilolizoea, tuna majibu mawili tu, kichaa au uchawi.

Mwaka nilipofungua duka, mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, alikuja asubuhi macho mekundu, amembeba paka mdogo ndani ya kikapu kilichofungwa kwa kanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, huyu mnyama ana jini. Mchana kutwa analala kama mgonjwa. Taa zikizimwa tu, anatimka! Kutoka jikoni mpaka sebuleni, anapanda pazia, anaruka juu ya kochi, masikio kayalaza, mkia kaufumua kama fagio. Hakuna anayemfukuza. Anakimbizwa na nani, kama si wenzake tusiowaona?"

Nilimfungua, nikampima joto, nikamtazama fizi, masikio na manyoya. Paka alikuwa mzima kama embe la kwanza. Nikamwambia mwalimu kwamba paka ni mwindaji, na mwindaji wa aina yake hutoka giza linapoingia na alfajiri kabla hakujapambazuka. Huyu hakuwa na panya wa kuwinda, alikuwa na sahani ya dagaa na usingizi wa mchana kutwa. Nguvu zile zilikuwa zinatafuta pa kutokea. Nilimwagiza afunge kitambaa kwenye uzi, amchezeshe jioni mpaka aheme, kisha ndipo ampe chakula, wazime taa walale wote.

"Basi hakuna jini?"

"Jini, mwalimu, ni wewe uliyemwacha alale mchana kutwa."

Alicheka mpaka akaketi kwenye gunia la pumba. Baadaye aliniletea kuku. Tangu hapo, kila aliyeona mnyama wake akitimka bila sababu alimleta kwangu, na mimi sikuchoka kueleza: ndama jioni hurusha miguu na kukimbia mkia juu, mbuzi wadogo huruka pembeni kama wamekanyaga moto, mbwa aliyeogeshwa hutimka kuzunguka nyumba kama mwizi. Ni furaha na nguvu zilizolundikana. Huja ghafla, hudumu kidogo, huisha zenyewe. Mnyama huhema, hunywa maji, hulala. Ukimwita katikati, anakusikia.

Hiyo ya kusikia ndiyo nimeitumia kuliko kipimo chochote nilichonunua, na siku niliyoitumia Mwakitolyo watu bado wanaisimulia.

Kule, kwenye machimbo ya dhahabu, kulikuwa na mama mmoja mpika chakula aliyekuwa mteja wangu tangu kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Alikuwa na banda la mabati, sufuria tatu kubwa, na mbwa jike wa kahawia aliyemlea kwa uji tangu akiwa hajafumbua macho vizuri. Nilimchanja mbwa huyo mimi mwenyewe, na kumrudia mwaka uliofuata. Mama yule hakuwa na mume wala mtoto pale. Watoto wake walikuwa kwa bibi yao kijijini. Usiku mlangoni pake alikuwa analala mbwa, na kwa sababu ya mbwa huyo alilala yeye.

Alinipigia simu asubuhi nikiwa nafungua duka.

"Dokta, njoo. Wanataka kumkata mkia mbwa wangu."

"Nani, mama?"

"Wa duarani, wale wa shimo la jirani. Wamemfunga pale kwao. Msimamizi amesema kesho asubuhi, kabla watu hawajashuka, mkia unakatwa kwa panga. Mwanangu, mimi nimesema na wao nimechoka. Mimi ni mpika ugali, nani atanisikiliza?"

Nilifunga duka. Nikapakia sanduku langu, nikafunga kofia ngumu, nikashika njia. Vumbi la barabara ile linajulikana. Nilifika nimegeuka rangi ya mbwa niliyekuwa namfuata.

Mama alinisubiri nje ya banda lake. Alinipa maji ya kunawa uso, akanieleza yote huku akisonga ugali, maana wachimbaji hawasubiri huzuni ya mtu.

Mbwa wake, tangu mdogo, alikuwa na tabia ya kutimka jioni. Jua likishuka na upepo ukipoa, aliinamisha kifua, makalio juu, halafu akachomoka: anazunguka lundo la mawe, anapita katikati ya watu, anakata kona mpaka anateleza, kisha anajitupa mlangoni ulimi nje. Wachimbaji walipenda kumwona. Siku moja alitimka akazunguka duara la watu wa jirani, na kesho yake watu wale wakapata jiwe zuri. Basi ikawa neno. Huko machimboni, shimo lenyewe ndilo wanaloliita duara, na anayekwenda chini yake hataki kwenda bila kutanguliza moyo mahali fulani. Wengine husali, wengine wana dawa zao, na hawa wakampata mbwa.

Msimamizi wa duara lile akaja kwa mama kumwazima. Mama akaona ni heshima. Wakamfunga mbwa kwa mnyororo mfupi pembeni ya mdomo wa duara ili bahati isiende kwa jirani. Hapo hakuwa na pa kutimkia. Baada ya muda akaanza kuzunguka mahali pamoja, akifukuza mkia wake. Wachimbaji wakashangilia. Kila asubuhi kabla ya kushuka walisimama wakimpigia makofi azunguke, na akizunguka walimtupia kipande cha nyama. Asipozunguka, walisubiri. Mkia ukaanza kunyonyoka, kisha ukawa kidonda. Damu ikadondokea kamba ya kushukia.

"Damu kwenye kamba hawataki," mama alisema. "Ni mkosi. Ndipo msimamizi akasema, ukatwe mkia, damu iishe, azunguke msafi."

Nilimtazama. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kucheka na karibu kulia.

"Akikatwa mkia, mama, atafukuza nini?"

"Nimewauliza hivyo hivyo! Wakaniambia nirudi kwenye sufuria."

Tulikwenda pamoja. Duara lilikuwa na kibanda cha turubai juu yake, magogo pembeni, na vijana kumi hivi wamekaa kwenye mifuko ya mawe wakisubiri zamu. Mbwa alikuwa kwenye mnyororo ambao haukumtosha hata kujinyoosha. Ardhi chini yake alikuwa ameichora duara lake mwenyewe, laini kama sakafu ya kinu.

Msimamizi alikuwa mtu mzima, mnene wa mabega, ana tochi kichwani hata mchana. Nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu. Wewe ndiye dokta wa mbwa?" Akawageukia vijana. "Jamani, ng'ombe wamekwisha Usukumani, sasa tumeletewa dokta wa mbwa!"

Walicheka. Na mimi nikacheka nao, kwa sababu mimi mzaha wa kwanza humwachia mwenyeji.

"Ng'ombe wapo, baba. Wa kwako wakiumwa nitakuja vilevile. Leo nimekuja kwa huyu."

"Huyu haumwi. Huyu anafanya kazi."

"Kazi gani?"

Kijana mmoja mrefu akadakia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Ni mganga wetu, mayu! Akizunguka, tunashuka."

"Na mkizama huko chini mnakuta nini?"

Sauti kutoka nyuma ya mifuko ikasema, "Maji."

Hata mama alicheka. Kumbe tangu mbwa aanze kuzunguka, duara lao lilikuwa limekutana na maji, na walikuwa wanashinda na pampu badala ya sururu. Msimamizi alimtazama msemaji kwa jicho la kumfukuza kazi.

Nilitaka kuwasema. Ninajua kusema, mama yangu mzazi alikuwa akiniambia ulimi wangu ungefaa kuchungia ng'ombe bila fimbo. Lakini Dar es Salaam nilijifunza kwamba mtu humnyang'anyi imani mbele ya wafanyakazi wake. Unampa kitu cha kutazama, yeye mwenyewe ailegeze.

Kwanza nilimtazama mbwa nikiwa mbali, bila kumgusa. Nilimwuliza mama kama mbwa amemng'ata mtu yeyote, kama ameng'atwa na mbwa mgeni, kama anakula, kama anakunywa maji, kama sauti yake imebadilika, kama anadondosha mate, kama huyumba au kuanguka. Akasema la kwa kila baya, na ndiyo kwa kila jema, isipokuwa siku hizi hula kwa kusitasita. Chanjo zake nilizijua. Wachimbaji walikuwa wananong'ona kichaa, kwa hiyo nililisema kwa sauti ili wote wasikie: mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia, hushindwa kumeza, hufa upesi, huyu amekuwa hivi kwa majuma mengi na chanjo yake iko hai. Nikaongeza kwamba siku wakiona mbwa ambaye hawana hakika naye akimng'ata mtu, wasikimbilie panga. Mtu aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, aende hospitali siku hiyohiyo, na mbwa afungiwe atazamwe. Walinisikiliza. Mtu anayejua anasikilizwa, hata kama alikuja akiwa mwekundu wa vumbi.

Kisha nikamwomba mama mfupa wenye nyama, mzuri, ule ambao angemwekea mteja wake wa heshima. Akaenda akauleta.

"Baba," nilimwambia msimamizi, "huyu mbwa mlimpenda kwa mbio zake za jioni. Si kweli?"

"Kweli."

"Alipokuwa anatimka jioni, mama akimwita kwa chakula alifanyaje?"

Kijana mrefu akajibu, "Alikuja mbio! Hata kona alizikata."

"Sasa mpigieni makofi kama kila siku."

Wakasita, wakamtazama msimamizi, akaitikia kwa kichwa. Wakapiga. Mbwa akainua kichwa, akaanza. Alizunguka upande mmoja tu, mgongo umepinda, macho hayatazami mtu, meno yakitafuta mkia, mnyororo ukigonga gogo. Nikampa mama ishara. Akapiga magoti karibu, akanyoosha mfupa, akamwita kwa sauti ileile aliyomlea nayo kwa uji.

Mbwa hakusimama. Mama akaita tena. Mfupa ulikuwa karibu kumgusa pua. Aliupita kama anapita jiwe. Akaushika mkia, akalia, na hakuuachia.

Makofi yalikuwa yamekwisha zamani. Mmoja wa walioshangilia alikuwa ameshavua kofia bila kujua.

"Mnaona?" nilisema. "Zile za jioni alikuwa anacheza. Hizi zinamcheza yeye. Mbwa mwenye njaa ya mfupa anayeshindwa kuuchukua mfupa, hafanyi kazi ya mtu. Anaumwa mahali, na anajaribu kupafikia."

Msimamizi alikuna shingo. "Anaumwa wapi?"

"Niachieni nitafute. Nifungulieni mnyororo."

Alifungua yeye mwenyewe.

Nilimfunga mdomo kwa kitambaa cha bendeji, kwa sababu hata mbwa mwema akiguswa penye maumivu hung'ata, na mama akamshika kichwa akimnong'oneza Kisukuma. Nikachambua manyoya. Kwenye kiuno, juu kidogo ya shina la mkia, viroboto walikuwa wengi na ngozi imekuwa nyekundu na yenye magamba. Hilo peke yake linatosha kumfanya mbwa ajigeukie. Lakini nilikuwa nimeona pia alama za kujiburuta makalio kwenye lile vumbi laini, na nilishajua nitakachokuta. Nikavaa glavu, nikainua mkia.

"Sogeeni upande wa upepo," niliwaambia.

"Kwa nini, dokta?"

"Mtajua."

Mbwa ana vifuko viwili vidogo kushoto na kulia mwa tundu la haja. Kwa kawaida hujimimina vyenyewe anapojisaidia. Vikiziba, hujaa, vinauma, na vikiingia vijidudu huwa jipu. Cha kushoto kilikuwa kimejaa. Cha kulia kilikuwa kimevimba na moto. Nikabinya taratibu kama nilivyofundishwa, na kilichotoka kilikuwa kizito, chenye usaha na damu, na harufu yake iliwapiga wanaume wale waliozoea kushinda chini ya ardhi na jasho la wenzao. Walitawanyika. Yule kijana mrefu alikimbia mpaka kwenye karasha, ambako mawe husagwa, akarudi amejifunga fulana puani.

"Mayu! Huo ndio ulikuwa ndani ya mganga wetu?"

"Huu ndio mliokuwa mnaupigia makofi."

Hata msimamizi alicheka safari hii, ingawa aligeuka pembeni.

Nilisafisha kifuko, nikaosha kidonda cha mkia kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, nikanyoa manyoya yaliyoganda. Mfupa wa mkia ulikuwa mzima na ncha ilikuwa na joto, damu inatembea. Hakukuwa na kitu cha kukata. Nikampigia simu daktari wa mifugo wa wilaya, nikamweleza nilichokiona, tukakubaliana dawa ya vijidudu na ya maumivu, kwa sababu dawa za mbwa hazipimwi kwa jicho na za binadamu zipo zinazomwua. Nikampaka ya viroboto, nikampa ya minyoo. Halafu nikaomba dumu tupu la maji. Vijana wakalikata chini na juu kwa maelekezo yangu, wakalainisha kingo kwa mpira wa tairi la baiskeli, nikamvalisha shingoni asifikie mkia. Alionekana kama spika ya kanisa. Walimpenda kuliko kabla.

Hapo ndipo kazi kubwa ilipoanza. Jipu nililimaliza kwa mkono. Mnyororo na makofi havina sindano.

Nilikaa kwenye gogo, nikamwambia msimamizi ukweli wote. Maumivu yakiisha, huenda mbwa akaendelea kuzunguka. Niliwaona wa namna hiyo katika mabanda ya Dar es Salaam, mbwa wakubwa wa bei, wamefungiwa mahali padogo bila kazi, wakazunguka mpaka ikawa mazoea kama mtu anayetafuna kucha. Huyu alikuwa amefundishwa zaidi: akizunguka alipata kelele na nyama. Kwa hiyo mnyororo uondoke, asifungwe tena pale, apate kutembezwa asubuhi kabla jua halijawa kali, apewe mfupa wa kutafuna au chakula kilichofichwa atafute kwa pua. Na akianza kuzunguka, mtu asipige makofi, asicheke, asimfokee, asimpige. Amwite mapema kabla hajazama, ampe jambo jingine la kufanya. Zile mbio zake za jioni aachiwe, lakini mbali na maduara. Mbwa anayetimka haangalii shimo.

"Na bahati yetu?" aliuliza.

Hakuuliza kwa mzaha. Alikuwa na vijana kumi wanaoshuka kwa kamba, na aliwataka wapande tena. Nilimheshimu kwa swali lile.

"Baba, mimi sikusomea bahati. Nimesomea wanyama, na nimesoma vizuri. Huyu hakuwa anakuonyesha kilichoko chini. Alikuwa anakuonyesha kilichoko nyuma yake. Ukitaka jambo la kuwapa vijana moyo kabla ya kushuka, kagueni kamba na magogo kwa pamoja kila asubuhi, ninyi wote, kwa sauti. Hilo halina damu."

Akamwambia mama, si mimi: "Mchukue. Lakini akipona aje tumwone."

"Akipona atawaona kutoka kwangu," mama alijibu.

Nilirudi baada ya juma moja. Kifuko kilikuwa kimenywea, kidonda kinafunga. Bado alikuwa akizunguka, hasa sufuria zikigongwa, maana mgongano ule ulifanana na makofi. Mama alikuwa amejifunza kumkatiza: anamwita, anamwambia akae, anamtupia chembe za ugali kwenye majani akazitafute. Aliniambia vijana walikuwa wameanza kukaripiana wenyewe. Mgeni akipiga makofi, wanamzomea. Kijana mrefu alijipa kazi ya kumtembeza kabla ya zamu yake. Niliporudi mara nyingine, dumu lilikuwa limevuliwa na manyoya ya mkia yalikuwa yanaota kama nyasi baada ya mvua ya kwanza. Siku nyingine bado alijigeukia mara moja mbili, akakumbuka, akaacha. Sikumdanganya mama kwamba tabia hufa siku moja. Nilimwambia kinachonitosha: sasa akiitwa, anasikia.

Mara ya mwisho kwenda kwa ajili yake ilikuwa jioni ya upepo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama, nimeletewa wali na maharage bila kuuliza bei, maana mimi pale silipi. Vijana walikuwa wanaoga maji ya pampu. Mbwa alinyanyuka mlangoni, akajinyoosha, akainamisha kifua, makalio juu, na macho yakimeta utundu. Akachomoka.

Alikata uwanja wa vumbi nyuma ya mabanda, ule usio na shimo hata moja, masikio kayalaza, makalio kayabana chini, miguu ya nyuma ikitangulia ya mbele. Akazunguka kulia, akageuka, akazunguka kushoto, akapita katikati ya vijana wenye sabuni, akamwangushia mmoja ndoo. Kelele zikapanda.

"Dokta! Amepona au ndiyo kimeanza upya?"

"Mwite uone!"

Kijana mrefu akapiga mluzi. Mbwa aligeuka hewani, akamjia, akamramba povu la mkono, akatimka tena. Sikuweza kujizuia, nikasimama juu ya benchi. Nimewahi kumzalisha ng'ombe aliyekuwa ameshikwa siku nzima, nimewahi kusimamisha mlipuko wa ugonjwa wa kuku mtaa mzima, lakini sijui kama nimewahi kujiona nimefanya kazi nzuri kama nilivyojiona nikitazama mkia ule mzima ukikata kona.

Akachoka mwenyewe. Akanywa maji kwenye sufuria yake, akajitupa mlangoni kwa mama, ubavu ukipanda na kushuka.

Msimamizi wa duara alikuwa amekuja kutazama naye. Alikuwa na kipande cha nyama mkononi. Akachutama upande wa njia iendayo duarani kwake, akamwita kwa sauti tamu. Mbwa aliinua kichwa, akamtazama, akapiga mkia chini mara moja kwa adabu, akalaza kichwa tena.

"Mtupie hapahapa, bosi," mama alisema, akifuta mikono yenye unga kwenye kanga. "Huyu ana kwake."

Msimamizi alisimama kidogo akiishika ile nyama. Kisha akaja mpaka mlangoni kwa mama, akaiweka mbele ya mbwa, na akaomba sahani ya wali.